Marumaru Zinazolia Tupu

Chukua sarafu ya shilingi 200, uigonge juu ya marumaru ya bafuni. Iliyoshika hulia kavu, kama jiwe. Isiyoshika hulia kama debe, maana chini yake kuna hewa. Siku moja mtu ataangushia ndoo hapo ipasuke, au maji yapenye kwenye maungio na kutuama mle ndani.

Nilikuwa nasimamia ujenzi wa nyumba ya ghorofa moja Dar es Salaam, yenye mabafu 6. Kazi ya marumaru tulimpa fundi mwenye vijana wake watano, kwa mkataba wa kurasa mbili. Alipopiga simu kwamba amemaliza, nilipita na sarafu yangu. Bafu la wageni lilikuwa na marumaru 48 sakafuni, na 19 zililia tupu.

Kosa la kwanza nililifanya mimi. Nilimtumia ujumbe: "Fundi, kazi mbovu, rudia." Akajibu muda huohuo: "Injinia, mbovu wapi? Mbona inang'aa?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Neno "mbovu" halina kipimo, na kila mtu hulitafsiri kwa jicho lake.

Kesho yake nilimwomba tukague pamoja. Tukagonga moja moja, zilizolia tupu tukazichora X kwa penseli. Kisha nikamwomba ang'oe moja kwa mkono wake. Ilitoka bila kusumbua. Mgongoni ilikuwa na mabonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati. Kwingine kote pakavu. Vijana wake walikuwa wakiokoa gundi na muda. Yeye mwenyewe alinyamaza, na ubishi wa mlio ukaishia pale.

Bafu la juu lilikuwa na kasoro nyingine. Tulimwaga ndoo ya maji, yakakimbilia nyuma ya mlango badala ya tundu la kutolea maji. Hapa nilikaribia kumwonea. Sakafu ya saruji chini ya marumaru ililazwa na vibarua wetu, naye alifuata mteremko alioukuta, kwa kuwa tabaka jembamba la gundi haliwezi kugeuza mteremko wa bafu zima. Ni kweli angetuambia kabla ya kubandika, lakini kosa lilianza kwetu, na gharama ya kulirudia tuliibeba sisi. Bafu hilo sikulitaja kwenye barua yake. Nadhani ndiyo maana mengine aliyakubali bila kelele.

Barua yenyewe ilikuwa fupi:

"Fundi, tumekagua bafu la wageni ukiwepo. Marumaru 19 kati ya 48, zenye alama ya X, zinalia tupu. Uliyoing'oa ina mabonge matano ya gundi. Kipengele cha 4 cha mkataba kinataka gundi ijae chini ya kila marumaru ya bafuni. Tafadhali ng'oa zote 19, chonga gundi ya zamani hadi kwenye saruji, kisha bandika upya kwa mwiko wa meno. Gundi na marumaru zitakazovunjika ni kwa gharama yako. Anza Jumatatu, maliza Ijumaa. Usijaze grauti kabla hatujagonga tena pamoja. Malipo ya bafu hili yatatoka likipita. Mabafu manne yasiyo na kasoro yanalipwa leo."

Sentensi ya mwisho niliigombania ofisini. Wenzangu walitaka tushikilie fedha zote. Lakini vijana wake wanakula kwa siku. Ukizuia hata za kazi nzuri, watahamia saiti nyingine, nawe utabaki na X zako sakafuni. Sentensi ya grauti nayo ina sababu yake. Maungio yakishajazwa, kung'oa moja huweza kuvunja ya jirani.

Fundi aliomba jambo moja: amimine uji wa saruji kupitia kwenye maungio, ujaze hewa bila kung'oa kitu. Nilikataa. Huwezi kuona uji umefika wapi, na ukikutana na vumbi haushiki.

Alirudi Jumatatu na vijana wawili tu, wale waliobandika mwanzo. Kwa joto la Dar aliwakataza kupaka gundi eneo kubwa, kwa sababu hufanya utando juu kabla marumaru haijafika, na ikishafanya utando haishiki tena. Kila baada ya chache alinyanyua moja kutazama mgongo wake. Marumaru 7 zilivunjika wakati wa kung'oa. Dukani alipata za kuziba pengo, ila za toleo jingine, zenye unjano kidogo. Tulimwita mwenye nyumba azione kabla hazijabandikwa. Alizigeuzageuza, akasema ziwekwe nyuma ya choo, naye fundi ampunguzie bei ya bafu hilo.