Nyuso Nane Katika Katuni Moja

Picha ya familia iliyopigwa harusini humpa mchoraji wa katuni mtihani mgumu: sare. Tuseme watu ni wanane, na watatu kati yao ni mtu na dada zake, wamevaa kitenge kimoja na vilemba vya rangi moja. Nguo haitasaidia kumjua nani ni nani. Kilichobaki ni sura.

Mwaka 1985 Susan Brennan alichapisha maelezo ya programu ya kompyuta iliyolinganisha mistari ya uso wa mtu na uso wa wastani, kisha ikazikuza tofauti. Miaka miwili baadaye, yeye na watafiti wenzake walionyesha kwamba watu huwatambua wanaowafahamu upesi zaidi kwenye mchoro uliotiwa chumvi kuliko kwenye mchoro sahihi wa mistari.

Katika familia, wastani huo ni wa familia yenyewe. Dada wote watatu wana pua pana. Ukiikuza pua, utakuwa umechora mtu mmoja mara tatu. Iache kama ilivyo, kisha tafuta kinachowatenganisha: mkubwa ana taya refu na macho yaliyokaribiana, wa kati ana mashavu ya mviringo na kidevu kifupi, mdogo ana mwanya, na nyusi moja imepanda. Alama mbili kwa kila mmoja zinatosha.

Kabla ya kukuza chochote, isahihishe picha. Lenzi pana ya simu huvitanua vichwa vilivyo pembezoni, hivyo mjomba aliyesimama mwisho wa mstari huonekana mnene kuliko alivyo. Mlinganishe na picha yake nyingine. Waliosimama nyuma wana vichwa vidogo. Vikuze kidogo ili sura zao zisomeke.

Sasa chora kwa penseli nyepesi vichwa vyote vinane, halafu macho yote, halafu pua na midomo. Anayemaliza mtu mmoja mmoja hujikuta wa kwanza amefanana na picha halisi na wa mwisho amekuwa kikaragosi kabisa, kana kwamba wametoka katika michoro miwili. Wino uwe wa unene mmoja, na mwanga utoke upande mmoja kwa wote.

Mwishowe, funika nguo na vilemba kwa karatasi iliyotobolewa penye nyuso, umwonyeshe ndugu ambaye hajaiona picha. Akisita kati ya dada wawili, usianze upya. Refusha taya la mkubwa kidogo, fupisha kidevu cha wa kati, umwulize mtu mwingine. Lakini kama uso kwenye picha ni ukungu mtupu, omba picha nyingine ya mtu huyo, kwa sababu sura ya kubuni itakuwa ya mgeni aliyeingia kwenye familia isiyo yake.