Kasumbalesa: Anayeficha majina kwenye mchoro huvijua vipande chini ya lori

Kwenye mpaka wa Kasumbalesa, kilomita zipatazo 90 kutoka Lubumbashi, lori zinazopeleka shaba na kobalti Zambia hupanga mstari mrefu. Wakati zinangoja, mafundi wa mekanika hulala chini yake kutengeneza freni. Kijana anayesomea kazi hiyo huona kila siku, kwa macho yake, vitu ambavyo kwenye kaye yake ni mistari na majina tu. Ugumu wake ni kuunganisha hivyo viwili: jina lililo kwenye mchoro na chuma kilichojaa vumbi karibu na gurudumu.

Kuna njia ya kusoma ambayo wanafunzi wa udaktari wanaitumia sana kwa mifupa na misuli, nayo inafaa vilevile kwa mashini. Mwanafunzi anapiga picha ya mchoro wenye majina, anafunika kila jina kwa kiboksi cha rangi, na telefone inamuuliza kiboksi kimoja kimoja. Programu inayofanya hivyo inaitwa Anki. Ilianzishwa mwaka 2006 na Damien Elmes, na ile ya telefone za Android, AnkiDroid, ni ya bure. Ikishawekwa kwenye telefone haiombi mega tena, kwa hiyo mtu anaweza kusoma hata pale mtandao umekatika.

Mchoro wenye hatari

Mfano mzuri ni silinda ya freni ya magurudumu ya nyuma, ile ya vyumba viwili inayoonekana kwenye lori nyingi kubwa. Mwanafunzi wa mekanika huichora akiwa darasani, imekatwa katikati ili ndani ionekane. Majina yake muhimu ni nane: fimbo ya kusukuma, resori ndogo ya kurudisha, diafragma ya mbele, mkanda wa chuma wa mbele, mkanda wa chuma wa nyuma, resori kubwa, tundu la hewa namba 11 na tundu la hewa namba 12.

Chumba cha mbele, upande wa fimbo, ni cha freni ya kawaida. Dereva akikanyaga, hewa inaingia kwa tundu namba 11, inasukuma diafragma, na fimbo inatoka. Chumba cha nyuma kina resori kubwa ya freni ya kusimamisha, na hiyo inafanya kazi kinyume. Hewa ya tundu namba 12 ndiyo inayoikandamiza ili lori litembee. Hewa hiyo ikitoka, resori inafunguka na gurudumu linafungwa. Ndiyo sababu lori lililopoteza hewa yote hugoma kusogea.

Resori hiyo kubwa inaweza kusukuma kwa nguvu ya karibu tani moja, hata wakati silinda imelala mezani bila hewa yoyote. Fundi anayefungua mkanda wa nyuma akidhani ni wa mbele anaweza kuuawa na kifuniko kinachoruka. Hata mkanda wa mbele haufunguliwi kabla resori haijafungwa kwa bulo yake maalumu. Kwa hiyo kujua ni mkanda upi si suala la pointi za mtihani tu.

Jinsi ya kutengeneza kadi

Kazi inaanza kabla ya telefone. Mchoro uchorwe upya kwenye karatasi safi, uwe mkubwa, majina yakae pembeni na kila moja liwe na mstari wake mpaka kwenye kipande. Majina yakiandikwa juu ya vipande vyenyewe, kiboksi kitafunika jina pamoja na kipande, na swali litakosa maana. Picha ipigwe mchana, telefone ikiwa sawasawa juu ya karatasi, bila kivuli cha mkono.

Kwenye AnkiDroid, mwanafunzi anaongeza kadi mpya, anachagua aina inayoitwa `Image Occlusion`, kisha anachagua picha. Kwenye kompyuta njia hii imo ndani ya Anki yenyewe kuanzia toleo 23.10, zamani ilibidi kuongeza kipande cha pembeni. Picha ikifunguka, anachora kiboksi juu ya kila jina. Viboksi vinane vinatoa kadi nane.

Hapo kuna chaguo moja la kufanya kwa makini. `Hide One, Guess One` inaficha jina moja tu na kuacha mengine saba wazi. Inaonekana rahisi, na kweli ni rahisi kupita kiasi: mwanafunzi anasoma majina saba yaliyobaki, anajua lililokosekana, na anajibu bila kuangalia kipande. `Hide All, Guess One` inaficha yote, kisha inaonyesha kwa rangi tofauti kiboksi kinachoulizwa. Kwa silinda ya freni, hii ya pili ndiyo inayofaa, maana chini ya lori hakuna jina lililoandikwa pembeni.

Viboksi vyote viwe na upana mmoja. Kiboksi kirefu kwa jina refu na kifupi kwa jina fupi ni kama kumpa mwanafunzi jibu nusu.

Wakati wa kusoma, anaangalia kiboksi chenye rangi, anafuata mstari mpaka kwenye kipande, anataja jina kwa sauti au kuliandika, ndipo anafungua jibu. Akikosa anabonyeza `Again`, na kadi inarudi baada ya dakika moja. Akipata anabonyeza `Good`, nayo inarudi baada ya dakika kumi, halafu kesho yake, kisha siku zinaendelea kuachana. Hivyo ndivyo programu ilivyopangwa kama mtu hajabadilisha kitu. Kadi nane hazichukui hata dakika tano kwa siku, muda ambao hupita mtu akingoja taksi.

Sababu ya kufunika badala ya kusoma tena mchoro imepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi mafupi. Baadhi waliyasoma mara ya pili, wengine walijaribu kuyaandika kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, na waliosoma tena asilimia 42. Hii ndiyo inayowadanganya wengi usiku wa kuamkia mtihani, kwa sababu kusoma tena kunampa mtu hisia ya kujua papo hapo.

Kosa likiingia, linakaa

Njia hii ina ubaya wake. Inakazia chochote kilichoandikwa, kiwe kweli au uongo. Tuseme mwanafunzi, akiandika haraka kutoka ubaoni, amebadilisha namba: ameweka 12 mbele na 11 nyuma. Baada ya wiki mbili za kadi atajibu bila kusita, na atajibu vibaya. Siku ya kuunganisha mabomba ya hewa, ataweka la freni ya kanyagio kwenye chumba cha resori kubwa.

Kosa kama hilo linaonekana kwa kuuliza kazi ya kipande, si jina tu. Chumba chenye resori kubwa lazima kipokee hewa wakati lori linatembea. Kwa hiyo tundu lake ni lile la freni ya kusimamisha, namba 12. Kama kaye inasema tofauti, kaye ndiyo yenye kosa. Njia ya pili ni kuangalia chuma chenyewe, maana kwenye silinda nyingi namba hizo zimegongwa karibu na matundu. Mwanafunzi afanye ukaguzi huo kabla ya kuchora kiboksi cha kwanza. Kama amechelewa kugundua, asahihishe mchoro, aweke picha mpya, na aanze kadi hizo mbili upya badala ya kuendelea na siku za zamani.

Ubaya wa pili unajificha zaidi. Baada ya siku kumi mwanafunzi anaweza kuwa anakumbuka mahali pa kiboksi, si kipande. Anajua kwamba kile cha chini kulia ni resori kubwa, lakini hajui resori kubwa ni nini. Dalili yake ni jibu linalotoka kabla macho hayajafuata mstari. Ili kujua ukweli, apewe mchoro uleule umegeuzwa kushoto kwenda kulia, au silinda ya kampuni nyingine. Akipotea, basi alikuwa amekariri karatasi.

Dawa yake iko Kasumbalesa kwa wingi kuliko shule nyingi: lori za kweli. Picha ya pili ipigwe kwenye silinda yenyewe, kwa upande, jinsi fundi anavyoiona akiwa amelala chini. Hapo hakuna mchoro uliokatwa. Vinaonekana mabomba mawili, mikanda na fimbo. Viboksi vya picha hiyo viulize mambo yanayoamua kazi: mkanda upi ni wa nyuma, bomba lipi ni la namba 12, bulo ya kufungia resori inaingia wapi. Picha hiyo ipigwe ndani ya garaji, kwa ruhusa ya mwenye lori, magurudumu yakiwa yamezuiliwa. Mpakani penyewe si mahali pa kupiga picha ovyo.

Kadi za aina ya tatu hazihitaji picha. Ni maswali mawili au matatu ya kawaida: hewa ya namba 12 ikipotea, gurudumu linafanya nini? Kwa nini mkanda wa mbele haufunguliwi kabla ya bulo? Anayetaja vipande vyote nane lakini akakwama hapa, bado hajajua silinda.

Na kuna mpaka ambao kadi haivuki. Inamfundisha mtu kutambua na kutaja. Haifundishi mkono kukaza bulo wala sikio kusikia hewa inayovuja. Hayo yanajifunzwa kwa fundi mkubwa. Lakini kijana anayefika garaji akijua tayari mkanda upi hauguswi, fundi mkubwa anaweza kuanza kumfundisha mengine siku hiyohiyo.