Azimio la wakurugenzi bila mkutano: tusome wapi mbele ya kupakia mahindi?



Musimu uliopita, kooperative moja ya upande wetu wa Mutshatsha iliniita haraka. Kampuni moja ilitaka kununua mahindi yao tani 40. Mnunuzi alileta mukanda wenye muhuri na kichwa hiki: "Azimio la Maandishi la Wakurugenzi, bila mkutano". Chini kulikuwa na nafasi tatu za sahihi, lakini mbili tu njo zilikuwa zimejazwa. Mama prezidente akaniuliza: "Ndugu agronome, huu mukanda unatosha tupakie, ao tungoje?"

Mimi ni mutu wa mbegu na angre. Lakini mahindi yakisha kutoka kwenye depo bila feza, hata angre ya musimu unaofuata inakosekana. Kwa hiyo tulikaa na mwanasheria, tukasoma ule mukanda mustari kwa mustari. Haya njo tuliyoyapata.

Ni mukanda wa namna gani?

Kwa kawaida wakurugenzi wa kampuni wanaamua wakiwa wamekaa pamoja. Mmoja akikataa, wengine wanamsikia. Lakini kama mmoja yuko Kolwezi, wa pili Lubumbashi na wa tatu Johannesburg, wanaweza kuzungusha karatasi moja, kila mutu anatia sahihi mahali alipo. Ile karatasi inashika nafasi ya mkutano. Na sababu hakuna mutu aliyesikia maneno ya mwenzake, kile ambacho hakikuandikwa ndani hakikuamuliwa.

Karatasi ya mnunuzi ilikuwa hivi (majina tumeyatoa):

> Kwa kuwa kampuni inahitaji mahindi tani 40 kutoka Mutshatsha;
> Kwa kuwa kooperative inaomba avansi ya asilimia 30 mbele ya kupakia;
>
> IMEAMULIWA:
> 1. Kampuni inunue mahindi hayo kwa bei isiyopita dola 300 kwa tani.
> 2. Mkurugenzi wa kwanza apewe ruhusa ya kutia sahihi kontra ya kununua, kwa jina la kampuni.
>
> Mkurugenzi wa kwanza: (sahihi) tarehe 4 Mei
> Mkurugenzi wa pili: (sahihi) tarehe 6 Mei
> Mkurugenzi wa tatu: ..................

Nafasi moja iko wazi: azimio linafaa ao halifai?

Hapa jibu linategemea kampuni imeandikishwa inchi gani. Si mahali ofisi yake iko, ni mahali iliandikishwa.

Kama ni kampuni ya sheria ya shirikisho ya Kanada, wakurugenzi wote wenye haki ya kupiga kura wanapaswa kutia sahihi. Ikikosa moja, azimio bado.

Kama ni ya Afrika ya Kusini, sheria yao ya kampuni ya mwaka 2008 inakubali wakurugenzi walio wengi. Wawili juu ya watatu wanatosha, lakini kwa sharti: wakurugenzi wote wawe wamejulishwa jambo lile. Yule wa tatu anaweza kunyamaza, lakini haiwezekani afichwe.

Kama imeandikishwa hapa Kongo, namba yake ya RCCM inaanza na CD, na sheria ni ile ya OHADA, ambayo inchi yetu ilijiunga nayo mwaka 2012. Kampuni ya aina ya SARL inaongozwa na jeran, na yeye njo anaifunga kampuni mbele ya watu wa inje. Tafuta jina lake kwenye karatasi ya RCCM, halafu angalia kama ni yeye aliyetia sahihi kwenye kontra. Ikiwa ni SA yenye baraza la wakurugenzi, baraza linapaswa kukutana, na nusu ya wajumbe wawepo. Kwa hiyo muombe PV ya mkutano. Karatasi iliyozungushwa tu isiwatoshe.

Kampuni ya mfano wetu ilikuwa imeandikishwa Afrika ya Kusini. Basi ile nafasi wazi, ambayo kila mutu alikuwa anaiangalia, haikuwa hatari kubwa. Tuliomba tu kopi ya ujumbe unaoonyesha kwamba mkurugenzi wa tatu alijulishwa. Hatari yenyewe ilikuwa mahali pengine.

Avansi imeandikwa, lakini haikuamuliwa

Rudia kusoma ile karatasi. Avansi iko wapi? Iko kwenye "Kwa kuwa".

Sehemu ya "Kwa kuwa" inaeleza sababu na habari tu. Inasema kooperative inaomba avansi. Haisemi kampuni imekubali kulipa. Nguvu iko chini ya neno "Imeamuliwa", na pale kuna mambo mawili tu: bei isipite dola 300, na mutu wa kutia sahihi. Tani 40 kwa dola 300 ni dola 12.000, asilimia 30 yake ni dola 3.600. Ile dola 3.600 banamemba walikuwa wamekwisha kuihesabia usafiri na mifuko, na hakuna mkurugenzi aliyeiamua.

Mnunuzi alijibu kwamba ruhusa ya kutia sahihi kontra inatosha, avansi ikiwa ndani ya kontra. Inawezekana anasema kweli. Lakini siku feza itakapokosa, kampuni inaweza kujibu kwamba mkurugenzi alipewa ruhusa ya kununua, hakupewa ruhusa ya kulipa mbele. Kubishana ni kwa mwezi, na mahindi yamekwisha kwenda.

Halafu mnunuzi akachukua biki, akataka kuongeza mustari wa 3 kwa mkono. Mwanasheria akamzuia. Wakurugenzi walitia sahihi juu ya mistari miwili. Ule wa tatu hawakuuona. Kinachotakiwa ni karatasi mpya yenye mustari huu: "3. Kampuni ilipe avansi ya dola 3.600 mbele ya kupakia", na sahihi mpya, kila moja na tarehe yake.

Tarehe nazo si mapambo. Azimio linakamilika siku sahihi ya mwisho inayohitajika inapotiwa. Kama kontra inabeba tarehe 5 Mei na sahihi ya pili ni ya 6 Mei, aliyetia sahihi kwenye kontra alikuwa bado hana ruhusa. Kontra ije nyuma ya azimio.

Karatasi mpya ilifika nyuma ya siku tisa. Kontra ikatiwa sahihi, avansi ikaonekana, kisha kamyo ikapakia.

Na sisi wenyewe, tunaweza kufanya vile?

Banamemba waliniuliza hivyo, sababu wakati wa mvua barabara zinakatika na komite haikutani. Kwa kooperative yenye baraza la usimamizi, sheria ya OHADA ya kooperative, iliyopitishwa mwaka 2010, inataka nusu ya wajumbe wawepo ili baraza liamue. Kupitisha karatasi nyumba kwa nyumba hakushiki nafasi ya kikao.

Lakini namna ya kuandika tunaweza kuikopa. Prezidente aandike mbele ya wakati sababu na maamuzi anayoyapendekeza, aipitishe karatasi kwa wajumbe wote ili waisome. Siku nusu wanapofika, mnakaa, mnajadiliana, mnaandika PV. Na kwenye PV mukumbuke ile avansi: kile munachotaka kitendeke, mukiweke chini ya "Imeamuliwa".