Kwa Nini Ripoti ya Tovuti Hubadili Namba Zake

Ripoti za takwimu za tovuti hazihesabu kila kitu kila mara. Kipindi kinapokuwa kirefu, au swali linapokuwa na masharti mengi, chombo cha takwimu husoma sehemu tu ya kumbukumbu zake, kikazidisha kilichopatikana, kisha kikaonyesha jibu kana kwamba kimehesabu zote. Sehemu hiyo ndiyo sampuli, na jibu lake ni makisio. Ndiyo maana swali moja, likiulizwa kwa mwezi mmoja mmoja, huweza kutoa jumla tofauti na lilivyojibiwa kwa nusu mwaka mzima.

Chombo kinachotumika zaidi, Google Analytics 4, kinafaa kulieleza jambo hili kwa sababu mipaka yake inajulikana. Chombo hicho hurekodi matukio: ukurasa umefunguliwa, kitufe kimebonyezwa, bidhaa imenunuliwa. Ripoti zake za kawaida, zilizo chini ya `Reports`, hutegemea majedwali ambayo jumla zake zimekwisha kuandaliwa mapema, kwa hiyo kwa kawaida hazina sampuli. Mambo hubadilika mtu anapoingia `Explore` na kutunga swali lake mwenyewe. Hapo hakuna jedwali lililosubiri. Mashine inarudi kwenye matukio ghafi na kuyapitia upya. Kwa akaunti ya bure, swali moja hupewa matukio milioni 10. Yakizidi hapo, sampuli huanza. Wanaolipia toleo kubwa la kampuni hupewa hadi bilioni 1.

Jambo linalowapotosha wengi ni kudhani kwamba kichujio hupunguza mzigo. Mtu akichuja abaki na mji mmoja, huona amebakiza data chache, kwa hiyo hapaswi kugusa kikomo. Lakini kinachohesabiwa ni matukio yote ya tovuti ndani ya tarehe zilizochaguliwa. Sampuli huchotwa kwanza katika lundo lote, na kichujio hufuata baadaye. Kadiri kichujio kinavyobana, ndivyo kinachobaki kwenye sampuli kinavyopungua, na ndivyo makisio yanavyoyumba.

Mnunuzi wa mchele sokoni huchoma gunia kwa bambo, akatazama punje zilizoingia. Kwa hizo anajua kama mchele ni mzuri au umevunjikavunjika. Akitaka kujua gunia zima lina mawe mangapi, bambo haimsaidii sana: huenda lisitoke jiwe hata moja, au yakatoka matatu kwa bahati mbaya. Sampuli ya takwimu ina tabia hiyohiyo, inasema kweli kuhusu vilivyo vingi na kubahatisha kuhusu vilivyo vichache.

Hesabu inaonyesha ukubwa wa tofauti. Tuseme duka la mtandaoni la Dar es Salaam linarekodi matukio 220,000 kwa siku. Kuanzia Januari hadi Juni zipo siku 181, na matukio yanakaribia milioni 40. Swali la miezi sita litasoma milioni 10 tu, yaani robo, kwa hiyo kila kinachopatikana kinazidishwa kwa 4. Katika sampuli yakipatikana manunuzi 3,120, ripoti itaandika 12,480. Mauzo halisi yakiwa 12,391, kosa halifiki hata asilimia moja, na hakuna mwenye duka atakayefanya uamuzi mbaya kwa sababu hiyo.

Sasa meneja anachuja ili aone wateja wa Mwanza pekee. Katika sampuli kuna manunuzi 36, na ripoti inaandika 144. Akiuliza mwezi mmoja mmoja anapata 24, 22, 29, 27, 31 na 38, ambayo jumla yake ni 171. Mwezi wenye siku 31 una matukio yasiyofika milioni 7, chini ya kikomo, kwa hiyo namba za miezi zimehesabiwa kikamilifu. Zile 144 zilikuwa makisio, na zimepoteza manunuzi 27 ambayo yalifanyika kweli. Kama uamuzi ulikuwa kufunga au kuendeleza huduma ya kupeleka mizigo Mwanza, tofauti hiyo si ndogo.

Upana wa kosa unaweza kupimwa kwa njia ya haraka. Chukua idadi iliyopatikana kwenye sampuli yenyewe, kabla ya kuzidishwa, utafute kipeo chake cha pili, kisha ukizidishe kwa 2. Kwa Mwanza kipeo cha pili cha 36 ni 6, mara 2 ni 12. Ukirudisha kwenye kipimo cha ripoti kwa kuzidisha kwa 4 unapata 48. Kwa hiyo 144 inamaanisha kitu kati ya 96 na 192. Kwa nchi nzima, kipeo cha pili cha 3,120 ni kama 56, na kosa ni karibu 450 juu au chini ya 12,480, sawa na asilimia 3 au 4. Sampuli ni ileile moja, lakini mstari mmoja unaaminika na mwingine unayumba kwa theluthi nzima. Kipimo hiki ni cha kukisia tu, na kwa fedha hakitoshi kabisa: oda moja ya shilingi milioni 3 ikiangukia ndani ya sampuli huonekana kama milioni 12, na ikikosekana huwa sifuri.

Dalili za sampuli si ngumu kuziona. Juu ya ripoti kuna alama ndogo ya ubora wa data. Ukiielekezea kishale inaeleza ripoti imetegemea asilimia ngapi ya data iliyopo. Dalili ya pili iko kwenye namba zenyewe. Mistari midogo ikisomeka 4, 8, 4, 12, 16, bila 3 wala 7 popote, ni wazi kwamba kila kitu kimezidishwa kwa 4. Anayechota data kwa programu, kupitia `Data API`, hupewa taarifa hiyo ndani ya jibu, chini ya `samplingMetadatas`: `samplesReadCount` ni matukio yaliyosomwa, na `samplingSpaceSize` ni yote yaliyokuwepo. Namba ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili, ukubwa wa sampuli unajulikana. Sehemu hiyo isipokuwepo, jibu halikupitia sampuli.

Namba hubadilika pia kwa sababu zisizohusiana na sampuli, na kuzichanganya humfanya mtu atibu ugonjwa asionao. Matukio ya siku moja au mbili za mwisho bado yanaweza kuwa yanachakatwa. Jedwali lenye thamani nyingi mno, kama anwani za kurasa maelfu kwa maelfu, huishia na mstari wa `(other)` unaomeza vilivyobaki. Halafu kuna muda wa kuhifadhi data: katika `Explore`, akaunti ya bure huhifadhi matukio kwa miezi 2 isipobadilishwa, na upeo wake ni miezi 14. Duka la mfano wetu lisingeweza kuuliza miezi sita kabisa kama mipangilio ingeachwa kwenye 2.

Idadi ya watumiaji ina hila yake. Kuhesabu watu tofauti kunahitaji kumkumbuka kila aliyekwisha kuonekana, kazi nzito kwa mamilioni. Chombo hicho hutumia mbinu ya kukisia iitwayo HyperLogLog++, ambayo hutoa jibu la karibu kwa kumbukumbu ndogo sana. Hata pasipo sampuli, basi, ripoti mbili sahihi zinaweza kupishana kidogo katika watumiaji au ziara. Tofauti ya asilimia moja hapo haihitaji uchunguzi. Ya asilimia 20 inahitaji.

Kukadiria tarakimu ni suala jingine tena, ingawa madhara yake hufanana. Hapa namba kamili ipo, ila skrini inaonyesha tarakimu chache. Kiwango cha wanunuzi kikiandikwa asilimia 0.3, thamani halisi iko popote kati ya 0.25 na 0.35. Anayechukua 0.3 hiyo na kuizidisha kwa ziara 200,000 anapata manunuzi 600, wakati ukweli unaweza kuwa 500 au karibu 700. Kosa limezaliwa kwenye karatasi ya mhesabuji, si kwenye chombo. Ndivyo pia asilimia za mistari zinavyofikia 99.9 au 100.1. Dawa ni kuacha asilimia zilizokwisha kukadiriwa, kupakua idadi zenyewe, kugawanya upya, na kukadiria mara moja tu, mwishoni kabisa.

Dhidi ya sampuli, hatua ya kwanza ni kutazama kama ripoti ya kawaida inajibu swali lilelile. Mara nyingi `Explore` hufunguliwa kwa mazoea tu. Isipojibu, kipindi kikatwe vipande. Duka la matukio 220,000 kwa siku linaweza kuuliza siku 45 bila kuvuka milioni 10, na mwezi mmoja unaacha nafasi ya kutosha kwa siku za shughuli nyingi. Vipande hivyo hujumlishwa kwa matukio, manunuzi na mapato. Watumiaji hawajumlishwi: aliyeingia Januari na kurudi Juni atahesabiwa mara mbili. Wastani na viwango vya miezi navyo havijumlishwi wala kutafutiwa wastani. Hugawanywa upya kutoka kwenye jumla zake.

Kwa anayehitaji watumiaji wa kipindi kirefu, au vichujio vingi, njia thabiti ni kuunganisha akaunti na BigQuery, ambako kila tukio huhifadhiwa kama mstari wake. Swali la Mwanza huko ni hili, pamoja na hesabu ya wanunuzi tofauti:

```sql
SELECT COUNT(*) AS manunuzi,
  COUNT(DISTINCT user_pseudo_id) AS wanunuzi
FROM `mradi.analytics_123456.events_*`
WHERE _TABLE_SUFFIX BETWEEN '20250101' AND '20250630'
  AND event_name = 'purchase'
  AND geo.city = 'Mwanza';
```

Hakuna sampuli hapo wala makisio ya watumiaji, kwani `COUNT(DISTINCT)` huhesabu mmoja mmoja. Mipaka ipo hata hivyo. Akaunti ya bure hupeleka hadi matukio milioni 1 kwa siku katika uhamishaji wa kila siku, na anayetumia BigQuery bila kuweka njia ya malipo hufutiwa majedwali yake baada ya siku 60. Kubwa kuliko yote, data huanza kuingia siku muunganisho unapowekwa. Za nyuma hazihamishwi. Mwenye tovuti inayokua aweke muunganisho huo sasa, kabla hajawa na swali la kuuliza.