Sanduku la Sadaka na Kodi ya Wakfu: Namna ya Kuhesabu na Kukagua



Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibnul Lutbiyya, akakusanye zaka za Banu Sulaym. Aliporudi, Mtume (s.a.w.) alimfanyia hesabu. Yule mtu akagawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (s.a.w.) alilikemea jambo hilo mbele za watu. Tunajifunza hapa kwamba aliyeaminiwa kukusanya alihesabiwa pia aliporudi.

Katika makala hii tutaeleza hesabu hiyo inavyofanywa katika msikiti wa kawaida wenye mapato ya aina mbili: sadaka ya sanduku na kodi ya vyumba vya wakfu.

Sanduku halina risiti

Mpangaji akilipa kodi hupewa risiti. Anayetumbukiza noti sandukuni hapewi kitu, wala hatajwi jina. Kwa hiyo, kabla sanduku halijafunguliwa hakuna binadamu ajuaye mna kiasi gani. Hesabu ya kwanza ndiyo kumbukumbu pekee. Mkaguzi atakayekuja mwisho wa mwaka hawezi kuipata shilingi ambayo haikuandikwa siku ile. Ndiyo maana ulinzi wote wa sanduku huwekwa kwenye ile nusu saa ya kufungua na kuhesabu.

Sanduku liwe na kufuli mbili zenye funguo tofauti. Ufunguo mmoja akae nao katibu na wa pili mzee mwingine wa kamati, ili asiweze mtu kulifungua peke yake. Lifunguliwe mara tu baada ya swala ya Ijumaa, hapo hapo msikitini, wala lisipelekwe nyumbani kwa mtu. Wahesabuji wawe watatu wasio wa nyumba moja, na wabadilishwe kwa zamu kila mwezi. Mweka hazina asiwe miongoni mwao, kwani yeye ndiye anayeandika daftari. Mtu mmoja akihesabu, akaandika na kupeleka benki, hakuna wa kuligundua kosa lake, hata likiwa la bahati mbaya.

Noti na sarafu zitengwe kwa thamani. Mmoja ahesabu, wa pili arudie bila kuambiwa jibu la mwenzake, na wa tatu aandike kwa kalamu ya wino. Tuchukue mfano wa Ijumaa moja:

10,000 x 6 = 60,000
5,000 x 9 = 45,000
2,000 x 31 = 62,000
1,000 x 58 = 58,000
500 x 74 = 37,000
200 x 45 = 9,000
100 x 62 = 6,200
50 x 16 = 800
Jumla: Sh. 278,000

Fomu hii iwe na namba iliyochapwa na nakala tatu. Wote watatu watie saini. Nakala moja hubaki kitabuni, ya pili hupewa mweka hazina pamoja na fedha, na ya tatu hubandikwa ubaoni ili maamuma waione. Kosa likitokea, likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa saini pembeni, wala lisifutwe.

Fedha zote 278,000 ziende benki siku ya kwanza ya kazi, bila kupunguzwa. Hapa ndipo misikiti mingi hukosea. Bili ya maji imefika, basi hutolewa 30,000 juu kwa juu na benki huenda 248,000. Huenda bili ililipwa kweli, lakini sasa fomu na hati ya benki hazilingani, na baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka sababu. Bili ilipwe kwa fedha iliyotolewa benki na kuandikwa kama matumizi.

Zaka isichanganywe na sadaka hii. Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na haiwezi kulipia bili ya maji ya msikiti. Iwe na sanduku lake na fomu zake. Na sadaka za simu ziingie katika namba iliyosajiliwa kwa jina la msikiti, siyo simu ya mweka hazina.

Mkaguzi hutazama nini?

Huziweka fomu na hati za benki pamoja, Ijumaa kwa Ijumaa, akilinganisha kiasi na tarehe. Kama fedha ya Ijumaa hufika benki baada ya siku kumi, na kila mara huwa hivyo, kuna shaka kwamba pengo la wiki hii linazibwa kwa sadaka ya wiki ijayo. Dawa yake ni kufika ghafla na kuomba fedha iliyopo ihesabiwe mbele yake.

Pia hutazama kama namba za fomu zinafuatana, kama jumla ni za mviringo kila wiki, na kama sadaka hushuka kila zamu ya kundi fulani. Hizo ni dalili za kuuliza, si ushahidi wa wizi. Na tukubali mpaka uliopo: wahesabuji watatu wakipatana kuiba, fomu haitawazuia. Kubadilisha zamu kunaufanya mpango huo uwe mgumu tu.

Kodi ya wakfu

Hapa mkaguzi ana nguvu zaidi, kwa kuwa anaweza kukokotoa kilichopaswa kuingia kabla hajafungua daftari. Tuseme wakfu una vyumba 6, kila kimoja Sh. 40,000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni Sh. 2,880,000. Daftari linaonyesha 2,320,000. Pengo ni 560,000, na lazima lielezwe lote.

Chumba kimoja kilikaa kitupu miezi minne: 160,000. Majirani wanathibitisha. Mpangaji mmoja anadaiwa miezi mitatu: 120,000. Mwenyewe anakiri, na deni linaandikwa. Paa lilitengenezwa na fundi akalipwa kutoka kwenye kodi: 200,000. Paa jipya linaonekana, lakini hakuna risiti ya fundi. Kamati itafute risiti hiyo, kisha iandike kodi yote kama mapato na malipo ya fundi kama matumizi.

Zimebaki 80,000, yaani kodi ya miezi miwili ya chumba kimoja. Msimamizi anasema mpangaji wa chumba cha tano hakulipa. Mkaguzi anakwenda mlangoni kwake, naye anatoa risiti mbili, namba 0347 na 0348. Kwenye kitabu cha risiti kurasa hizo mbili zimenyofolewa pamoja na nakala zake. Daftari lingekaguliwa peke yake lisingeonyesha lolote, kwa sababu jumla yake ilikuwa sahihi. Lililofichua ni orodha ya vyumba na mpangaji aliyetunza risiti yake.

Hata hapo mkaguzi hatoi hukumu. Anaandika alichokiona, msimamizi anapewa nafasi ya kujibu kwa maandishi, na kamati ndiyo inayoamua namna fedha ya wakfu itakavyorudishwa. Taarifa husomwa mbele ya waumini pamoja na majibu yake.

Nanyi wanafunzi wa madarasa ya juu mnaweza kuanza na kazi moja: Ijumaa ijayo isomeni fomu iliyobandikwa ubaoni, mzidishe kila mstari, kisha mjumlishe wenyewe. Kama haijabandikwa, waulizeni wazee kwa adabu iko wapi.

Wabillahi Tawfiiq.