Ukinunua Nyumba, Tangi la Maji ni la Nani?

Mnunuzi ameshalipa na kukabidhiwa ufunguo. Anafungua mlango, anakuta sinki la jikoni limeng'olewa, mapazia hayapo, na tangi la maji la plastiki liko juu ya kirikuu, tayari kuondoka. Muuzaji anajitetea kwamba aliuza nyumba, hakuuza vyombo vyake. Nani ana haki?

Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inaanza kutupa jibu. Kwa tafsiri yake, ardhi si udongo pekee. Inajumuisha pia majengo na vitu vingine vilivyoshikizwa kwenye ardhi kwa kudumu. Kwa hiyo anayeuza nyumba, au kuiweka rehani, huwa ameviuza au kuviweka rehani vitu hivyo pia, hata kama havikutajwa. Kazi iliyobaki ni kujua kipi kimeshikizwa kwa kudumu na kipi ni mali inayohamishika. Hapo ndipo vinapohitajika vigezo viwili vilivyotokana na maamuzi ya mahakama za Uingereza, ambako nchi zetu zilirithi sehemu kubwa ya kanuni hizi.

Kesi mama ni ya Holland na Hodgson, ya mwaka 1872. Mwenye kiwanda cha kufuma vitambaa vya sufu alikiweka rehani kiwanda chake. Baadaye madeni yakamzidi, akawakabidhi mali zake wadhamini ili wadai wengine walipwe. Wadhamini wakazing'oa mashine za kufumia na kuziuza. Waliokuwa na rehani wakashtaki, wakidai mashine zilikuwa sehemu ya kiwanda.

Kigezo cha kwanza alichokitazama Jaji Blackburn ni namna kitu kilivyoshikamana na ardhi. Mashine zile zilikuwa zimepigiliwa misumari sakafuni, na mtu angeweza kuing'oa bila kubomoa chochote. Hata hivyo, kitu kilichofungwa, ijapokuwa kidogo, huchukuliwa kwanza kuwa ni sehemu ya ardhi, na anayebisha ndiye anayepaswa kuthibitisha. Kilichokaa kwa uzito wake tu huchukuliwa kuwa mali inayohamishika, na hapo mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayedai kuwa ni ardhi.

Kigezo cha pili ni kusudi: kitu kiliwekwa pale ili kuliboresha jengo lenyewe, au ili kitumike vizuri kama kitu? Mashine zilifungwa ili jengo lile lifanye kazi kama kiwanda, kwa hiyo waliokuwa na rehani wakashinda. Jaji alitoa mfano wa mawe. Yakirundikwa kwenye yadi ya fundi ni mali inayohamishika. Mawe hayohayo yakipangwa kuwa ukuta, hata bila saruji, ni sehemu ya ardhi.

Vigezo hivi vikipingana, mara nyingi kusudi hushinda. Mwaka 1902, katika kesi ya Leigh na Taylor, mazulia ya thamani yaliyopigiliwa ukutani yaliamuliwa kuwa mali inayohamishika, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine ya kuyatundika ili yatazamwe. Na kusudi halipimwi kwa maneno ya mwenye kitu, bali kwa hali inayoonekana na kila mtu.

Mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilivitumia vigezo hivi katika shauri la benki ya TSB, iliyokuwa imechukua nyumba ya mdaiwa wake. Makabati ya jikoni yaliyojengewa na mabomba ya bafuni yalihesabiwa kuwa sehemu ya nyumba. Mazulia ya sakafuni, mapazia, na jokofu na jiko vilibaki kuwa mali ya mdaiwa, ingawa vilikuwa vimefungwa au kuunganishwa kidogo.

Turudi kwa mnunuzi wetu. Sinki lililojengewa kwenye meza ya jikoni lina kila dalili ya kuwa sehemu ya nyumba, hivyo ana haki ya kulidai. Mapazia ni ya muuzaji. Tangi lililokaa juu ya mnara kwa uzito wake, likiwa limeunganishwa na bomba tu, lina uwezekano mkubwa wa kuwa la muuzaji. Lingekuwa limechimbiwa chini na kujengewa zege, lingebaki na nyumba. Lakini ni "uwezekano", kwa sababu kila shauri huamuliwa kwa mazingira yake, na mahakama zimewahi kutofautiana juu ya vitu vinavyofanana.

Basi, kabla ya kusaini mkataba, zunguka nyumba pamoja na muuzaji, orodhesheni kila kinachobaki na kinachoondoka, kisha mwambatishe orodha hiyo kwenye mkataba. Vigezo vya mahakama ni vya waliosahau kuandika.