Picha moja ya ukuta, gemu nzima: jinsi ya kuondoa mistari ya maungio

Umepiga picha ukuta wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Chokaa imebanduka, mawe ya matumbawe yanachungulia, na unautaka ukuta huo kwenye gemu yako. Ukiiweka picha kama ilivyo, injini ya gemu itairudia kama vigae, na mchezaji ataona mistari badala ya ukuta.

Dawa ni kuuchora upya kwa mkono, picha ikiwa kielelezo tu. Hapa tunatumia Krita, programu ya bure ya kompyuta.

Piga picha kwenye mwanga sawa

Simama ukiutazama ukuta moja kwa moja, wakati wa mawingu au kivulini. Jua likipiga kutoka ubavuni, upande mmoja wa picha unang'aa na mwingine unafifia. Ukiirudia, ukuta utakuwa na mistari kama pundamilia. Kata picha iwe mraba wa pikseli 1024 kwa 1024.

Chora juu yake

Ongeza tabaka jipya juu ya picha. Shikilia Ctrl na ubofye picha ili kuchukua rangi. Tano zinatosha: chokaa, kivuli chake, jiwe, ufa na mwanga wa kingo. Funika mraba wote kwa brashi kubwa, kisha chora mawe. Nyufa ziwe za mwisho.

Vuka mpaka

Bonyeza W. Mchoro utajirudia pande zote za skrini, na brashi ikitokea kulia inaingia kushoto. Tafuta jiwe lililokatika ghafla, ulichore upya likiwa zima, likivuka mpaka. Usiufiche mpaka kwa kuutia ukungu tu, maana mstari uliofifia katikati ya mawe makali bado unaonekana.

Mtego wenyewe ni doa

Wengi huishia hapo, wakati kinachoumbua ukuta mara nyingi si mpaka. Punguza ukubwa wa mchoro hadi uone marudio mengi, kisha kodoa kidogo. Doa lile lile la kutu likijipanga safu kama askari, lififishe lifanane na majirani zake. Ufa mkubwa unaoupenda uchore kama picha ya peke yake, uubandike ukutani mara moja tu.

Jaribu kwenye injini

Zima tabaka la picha, hifadhi mchoro kama PNG. Ikiwa unatumia Godot, tengeneza ukuta bapa wa QuadMesh, weka mchoro kwenye Albedo ya StandardMaterial3D, kisha kwenye UV1 > Scale andika 4 kwa x na 4 kwa y. Mchoro utajirudia mara 16.

Sogeza kamera mbali. Ukiona ukuta tu, umemaliza. Ukiona miraba, rudi Krita ukalitafute lile doa.